Bloku ya Alumini, Slivu ya Chuma

Bloku ndiyo mwili wa injini. Ndani yake mna silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka, na kuzizunguka silinda hizo kuna njia za maji ya kupoza. Kwa miongo mingi bloku za magari madogo zilikuwa za chuma cha kusubu. Toyota 5A-FE, iliyofungwa kwenye Corolla na Carina za miaka ya 1990, ni ya aina hiyo. Iliyokuja baadaye, 1NZ-FE ya IST na Probox, ina bloku ya alumini. Zote mbili ni za lita 1.5, lakini zikichakaa fundi hazitendei sawa.

Faida ya alumini inaanzia kwenye uzito. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha kusubu ina gramu kama 7.2, ya alumini ina 2.7. Hata hivyo bloku yenyewe haipungui uzito kwa kiasi hicho chote, kwa kuwa alumini ni laini na hupinda kwa urahisi zaidi, hivyo kuta na mbavu zake hufanywa nene. Alumini pia hupitisha joto upesi kuliko chuma, jambo linalosaidia injini kupata moto mapema asubuhi na kuutoa haraka ikiwa safarini.

Udhaifu wake uko pale ringi zinaposugua. Chuma cha kusubu kina vipande vidogo vya grafiti ndani yake, ambavyo huteleza vyenyewe na kushika oili ukutani mwa silinda. Alumini ya kawaida haina kinga hiyo, na pistoni nazo ni za alumini. Zikisuguana zenyewe kwa zenyewe hukwaruzana na kung'ang'aniana. General Motors walijaribu kuukwepa mkasa huo kwenye Chevrolet Vega, gari lililotoka kwa mwaka wa modeli 1971, kwa kutumia alumini yenye silikoni nyingi na kuacha silinda bila slivu. Injini hizo zilipata sifa mbaya ya kuchemsha na kula oili, na nyingi ziliishia kuvalishwa slivu za chuma.

Slivu, ambayo wengine huiita laina, ni bomba la chuma linaloishi ndani ya silinda. Katika 1NZ-FE slivu ni nyembamba, na alumini humiminwa kuizunguka bloku inapotengenezwa. Upande wake wa nje umeachwa na mikwaruzo ili alumini iishike vizuri. Mshiko huo unahitajika, maana alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 75, likipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 95, hutanuka milimita 0.06 hivi likiwa la chuma, na kama 0.11 likiwa la alumini. Tofauti ya milimita 0.05 inaonekana si kitu, lakini nafasi kati ya pistoni na silinda nayo huhesabiwa kwa vipimo vidogo kama hivyo.

Ndiyo maana injini ya alumini haisamehe kukaukiwa maji. Ikichemsha sana, uso wa juu wa bloku unaweza kupinda, na nyuzi zinazoshika bolti za hedi zikachomoka. Gasketi mpya ikifungwa juu ya uso uliopinda, haidumu. Kabla ya kuifunga, fundi makini huweka rula iliyonyooka juu ya bloku na kupima mwanya kwa fila.

Silinda iliyochakaa hujitambulisha kwa moshi wa buluu na oili inayopungua bila kuvuja. Kompresheni ikiwa chini, oili kidogo humwagwa kupitia tundu la plagi, kisha hupimwa tena. Ikipanda, ringi au silinda ndizo zimeisha. Isipopanda, kosa huenda liko kwenye valvu au gasketi. Kwa 5A-FE tiba ni ya kawaida: silinda ya milimita 78.7 huchongwa hadi 79.2, ikawekewa pistoni za ovasaizi ya 0.50. Slivu nyembamba ya 1NZ-FE haikukusudiwa kuchongwa hivyo. Lililobaki ni kuitoa yote kwa mashine na kusukuma nyingine ndani, bloku ikiwa imepashwa moto, kazi ngumu inayoweza kupunguza nguvu ya kuta. Wenye magari wengi huona nafuu kununua injini ya mtumba.

Kwenye malori mengi ya dizeli mambo ni mepesi zaidi. Huko slivu huguswa na maji moja kwa moja, huzibwa chini kwa ringi za mpira, na ikichakaa huchomolewa na kuwekwa mpya bila kuchonga bloku. Sharti lake ni kwamba mdomo wa slivu uchomoze juu ya bloku kwa kipimo kilichowekwa na mtengenezaji, kwa kawaida sehemu chache za mia za milimita. Ukizama, gasketi haibanwi sawasawa na gesi hutorokea kwenye maji.