Herufi zinazotaja aina ya kitabu

Mwaka 1998, riwaya ya kwanza ya Harry Potter ilitoka Marekani ikiwa na herufi zilizochongoka, na mguu wa herufi P ukapinda kama radi. Mtoto aliyeliona jalada alijua humo mna uchawi. Mwaka huohuo, mchapishaji wa Uingereza alitoa toleo la watu wazima lenye picha ya treni isiyo na rangi. Hadithi haikubadilika, kilichobadilika ni mnunuzi aliyelengwa.

Chukua jina la kubuni: Usiku wa Kisima. Likiandikwa kwa herufi kubwa, nene, nyembamba kwa upana na zisizo na vikia, zikajaza jalada kutoka ukingo hadi ukingo, msomaji atatarajia maiti na mpelelezi. Umbo hilo jembamba huruhusu maneno kurefushwa juu bila kukatika. Likiandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha wenye mikia mirefu, kisima kinakuwa mahali pa wapenzi kukutana. Herufi zikirukaruka, moja juu nyingine chini, huenda kisimani mna jini mcheshi.

Mwandiko wa kuunganisha una mtego wake. Ukiandikwa wote kwa herufi kubwa, mikia hugongana na jina halisomeki.

Kwa hiyo wasanifu hulipunguza jalada hadi ukubwa wa stempu, kama linavyoonekana kwenye simu, kisha humwonyesha mtu asiyeijua hadithi. Akisema “mapenzi” ilhali kitabu ni cha mauaji, fonti hubadilishwa.