Maboya Mawili, Pampu Moja

Saa mbili usiku mwenye nyumba anawasha pampu ili ajaze tenki la juu. Anajiambia ataizima baada ya nusu saa. Usingizi unampitia. Alfajiri anakuta uwanja umelowa, tenki la chini limebaki na tope tu, na pampu bado inanguruma, ya moto kiasi kwamba kiganja hakikai juu yake.

Watu wengi huona hapo hasara mbili: maji yaliyomwagika na pampu iliyoungua. Kwa fundi hilo ni tukio moja. Tuchukue nyumba ya aina inayoonekana sana Dar es Salaam: chini kuna tenki la zege la lita 5,000 linalopokea maji ya mgao, juu ya mnara kuna simtanki la lita 1,000, na katikati pampu ndogo inayopandisha lita 30 kwa dakika. Simtanki likiwa tupu, linajaa kwa dakika 33 hivi. Kuanzia hapo kila kinachopanda kinamwagika. Lita 4,000 zilizobaki chini zinakwisha kabla ya saa tano usiku, na kutoka muda huo hadi alfajiri pampu inazunguka bila maji.

Kinachokufa kwanza ni sili, kile kiungo kinachozuia maji yasitoke pale mhimili wa mota unapoingia kwenye pampu. Ndani yake kuna nyuso mbili zilizobanwa pamoja, kwa kawaida moja ya kaboni na nyingine ya kauri. Zinasuguana mfululizo, ila kati yake hukaa utando mwembamba wa maji unaozilainisha na kuzipoza. Utando ukikauka, nyuso zinapata moto kwa muda mfupi sana, na maji baridi yakirudi ghafla kauri inaweza kupasuka. Ndiyo maana pampu iliyokauka jana huonekana nzima leo, kisha baada ya siku chache inaanza kudondosha maji karibu na mota. Tone hilo lina maana: sili imekwisha, na likiachwa maji yataingia kwenye beringi.

Mwenye nyumba aliyepata hasara hiyo hukimbilia dukani na kununua koki ya boya, ile yenye mkono na mpira unaoelea, akaifunga kwenye tenki la juu. Kumwagika kunakoma. Lakini koki hiyo imefunga njia ya maji tu, umeme haikuugusa. Pampu inaendelea kusukuma dhidi ya mlango uliofungwa, maji yale yale yanakorogwa ndani yake hadi yanachemka, na sili inaharibika safari hii ikiwa imezungukwa na maji.

Mahali pa koki ya boya ni tenki la chini, kwenye bomba linalotoka mtaani. Hapo hakuna mota ya kuzima, kuna presha ya kuzuia tu. Kazi yake ni ya mizani: mpira unaoelea unanyanyua mkono, na mkono unakandamiza wosha kwenye tundu la maji. Tundu likiwa na upana wa milimita 12 na presha ya bomba ikiwa baa 3, maji yanasukuma wosha kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo tatu na nusu. Mkono wenye uwiano wa kumi kwa moja unapunguza mzigo huo hadi gramu 350 kwenye mpira. Mpira wa sentimita 11 ukizama nusu, maji yanaunyanyua kwa karibu gramu 350 hizo hizo, kabla hata ya kutoa uzito wake wenyewe.

Hesabu hiyo inaeleza malalamiko ambayo mafundi huyasikia kila mara: koki inafunga vizuri mchana, usiku tenki linafurika. Usiku majirani wamefunga mabomba yao, presha mtaani inapanda, na mpira ule ule sasa unalazimika kuzama zaidi ndipo ufunge. Kina cha maji kinapanda nao hadi kinafikia bomba la kumwagia ziada. Kubadilisha wosha hakutasaidia. Kinachotakiwa ni koki yenye tundu dogo zaidi, au mpira mkubwa zaidi. Tundu la milimita 6 linapunguza mzigo hadi robo, na gharama yake ni kwamba tenki litajaa polepole, jambo zito kwa nyumba inayopata maji saa chache tu kwa wiki.

Pampu yenyewe inahitaji swichi ya boya. Hili ni boya la plastiki linaloning'inia kwenye waya wake. Likiinuka au kuinama, swichi iliyo ndani inaunga au inakata umeme. Yanahitajika mawili. La juu linaruhusu umeme likiwa limening'inia na kuukata likielea. La chini linafanya kinyume: linaruhusu likielea, linakata likining'inia. Waya wa moto unapita kwenye boya la kwanza, kisha la pili, ndipo ufike kwenye pampu. Hivyo pampu huwaka pale tu juu panapohitaji maji na chini yapo ya kupandisha.

Maboya mengi huja na nyaya tatu, na fundi asiyepima hukosea hapo. Rangi hazifanani kwa watengenezaji wote. Njia salama ni kushika boya mkononi kabla ya kulifunga, mita ikiwa kwenye nyaya mbili, kisha kuliinua na kuliinamisha na kuona ni lini mita inasoma. Mwili wa boya pia huwa na maandishi kama `10(4)A`. Namba ya kwanza ni ya mzigo kama hita. Ya mota ni ile ya kwenye mabano. Pampu ya farasi moja hula takriban ampea 5, kwa hiyo boya hilo halifai kuibeba moja kwa moja. Boya liamrishe kontakta, na kontakta ndiyo ibebe mota.

Baada ya hapo kuna urefu wa waya unaoachwa huru, kuanzia kizito kinachoushikilia hadi kwenye boya. Ukiwa mfupi mno, pampu itawaka na kuzima kila bomba linapofunguliwa jikoni, na kila kuwaka kunaipasha mota joto. Waya ukiachwa hadi boya lipande na kushuka sentimita 30, katika simtanki lenye kipenyo cha mita 1.1 pampu itasubiri karibu lita 285 zitumike. Kwenye tenki la chini, boya lizime pampu maji yakiwa bado sentimita 20 hivi juu ya mdomo wa bomba la kuvuta. Chini ya hapo maji huzunguka kama kimbunga kidogo na kuvuta hewa.

Ubovu wa maboya haya mara nyingi ni wa kukwama. Waya unajisokota kwenye bomba, au boya linaegemea ukuta na kubaki limeinama. Mengine hupasuka, maji yakaingia ndani: boya lichomolewe na kutikiswa, maji yatasikika. Kiungo cha waya kisikae ndani ya tenki hata kikifungwa tepu kiasi gani, na sakiti ya pampu iwe na swichi inayojikata umeme ukivuja hadi miliampea 30.

Kwa ukaguzi, pampu ikiwa inafanya kazi, mtu anapanda na kuliinua boya la juu kwa kijiti kikavu. Pampu izime hapo hapo. Akiliachia, iwake. Kisha anashuka, anafunua tenki la chini na kulivuta boya lake kwa kamba hadi lining'inie. Pampu ikiendelea kuzunguka, swichi hiyo imeungana ndani na haitakata tena, hivyo ibadilishwe siku hiyo hiyo.