Pole Yenye Tarehe

Ujumbe unaingia saa kumi na moja jioni: "Kaka, wamenipunguza." Aliyetuma, tuseme, ni mtunza stoo wa kampuni moja jijini Dar es Salaam. Amekaa hapo miaka sita na ushei. Kidole chako kinakimbilia maneno tuliyoyazoea: usijali, Mungu ana makusudi yake, utapata nyingine nzuri zaidi. Yanasemwa kwa nia njema, lakini humfunga mtu mdomo. Ukishamwambia mambo yatakuwa mazuri, atakuelezaje kwamba kodi ya nyumba inaisha mwezi ujao, au kwamba mkewe bado hajui?

Afadhali umpigie simu. "Pole sana, kaka. Wamekuambia leo?" Halafu unyamaze. Atazunguka, atamlaumu bosi, atajilaumu mwenyewe, atarudia jambo moja mara tatu. Mwache arudie. Akikuuliza kama atapata kazi nyingine, jibu la kweli ni kwamba hujui. Mwambie hivyo hivyo: "Sijui itachukua muda gani, ila wiki hii tuna la kufanya." Hapo ndipo matumaini yanapoanzia, kwa sababu kweli lipo la kufanya, na lina muda wake.

Swali la kwanza la maana ni hili: umesaini nini? Zipo ofisi ambazo siku ya kupunguza watu humshauri mfanyakazi aandike barua ya kujiuzulu, eti jina lake libaki safi. Mtu aliyepigwa na butwaa husaini chochote ili atoke mle chumbani. Kumbe barua ile inaweza kumgharimu sana, kwani aliyejiuzulu mwenyewe kwa kawaida hana madai ya kiinua mgongo, na fao la kukosa ajira linalotolewa na NSSF halikuwekwa kwa ajili yake. Kama hajasaini, mwambie asisaini kabla hamjaisoma pamoja. Kama ameshasaini, usimgombeze. Muulize aliambiwa nini na nani alikuwapo, mwandike wakati bado anakumbuka.

Kesho yake nenda kwake, umwombe atoe mkataba, hati za mshahara na barua ya kusitishiwa ajira. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Huyu wa miaka sita ana siku 42. Ongeza likizo ambayo hakuichukua, na cheti cha utumishi, ambacho wengi husahau kukidai mpaka mwajiri mpya akiulizie. Siku 42 si utajiri, na usimpambie kana kwamba ni utajiri. Lakini mtu aliyekuwa akihesabu hofu usiku kucha sasa anahesabu kitu kinachohesabika.

Akiona ameonewa, pengine hakushirikishwa wala kuelezwa sababu, malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Aliyechelewa huanza kwa kuomba aongezewe muda, na huenda asipewe. Hapa ndipo maneno ya "tulia kwanza, upepo utapita" yanapomponza mtu. Si lazima aende, na wengine hawataki kabisa kuonana tena na bosi wao. Kazi yako ni kuhakikisha anaijua tarehe, halafu aamue yeye. Umwambie pia kwamba kufungua shauri si kushinda.

Hela ikishatoka, washauri watajaa. Mmoja atasema bodaboda, mwingine kuku wa nyama. Mimi ningemshauri alipe kodi na ada kwanza, mtaji usubiri. Wewe ukiwa na chochote, mpe kile usichotarajia kurudishiwa, maana deni kati ya marafiki humfanya mtu aanze kukwepa simu zako wakati ule ule anapozihitaji.

Wiki ya kwanza simu huwa nyingi. Mwezi wa tatu ndio mgumu: wengi wamesahau, na waliobaki wana swali moja tu, "Vipi, umepata?" Wewe mwite mwangalie mechi ya Simba na Yanga, umuulize habari za mtoto. Ukisikia nafasi, usimwahidi wala usilitaje jina lake kwenye kundi la WhatsApp. Mwambie tu: "Kuna ghala Ubungo wanatafuta mtu wa stoo, sijui mshahara wao. Nimpe meneja namba yako?"