Maandishi Madogo Chini ya Bango

Mwanamume wa makamo, aliyevaa suti nadhifu, ameketi kwenye kiti cha sebuleni. Binti yake yuko mapajani, kitabu kimefunuliwa, naye anauliza: Baba, wewe ulifanya nini katika Vita Kuu? Kaka yake yuko sakafuni, anapanga askari wa kuchezea. Baba hajibu. Anatukazia macho sisi tunaomtazama.

Bango hili lilichorwa na Savile Lumley huko Uingereza mwaka 1915, na walimu wa historia hupenda kulitumia na swali hili: lina manufaa gani kwa mwanahistoria?

Mimi huanzia ukingoni. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, wametajwa waliolitoa: Kamati ya Bunge ya Kuandikisha Askari. Bango likipigwa picha kwa haraka, ukingo huo ndio unaokatika, na mwanafunzi hubaki akidhani kwamba ni kazi ya msanii aliyeguswa na vita. Sivyo. Ni sauti ya watu waliopewa kazi ya kutafuta askari.

Kwa nini walilitoa wakati huo? Septemba 1914 pekee, watu zaidi ya 400,000 walijiandikisha kwa hiari. Kufikia 1915 wimbi hilo lilikuwa limepungua sana, na hapakuwa na sheria ya kumlazimisha mtu. Ilibaki aibu. Tazama pia wanayemlenga: si kijana asiye na kazi, bali baba mwenye watoto na nyumba nzuri, yule aliyekuwa na sababu nyingi za kubaki.

Wanafunzi wengi huandika kwamba hii ni propaganda, kwa hiyo haina maana. Jibu hilo linanisikitisha, maana linatupa ushahidi mzuri. Manufaa ya chanzo hutegemea unakiuliza nini. Ukiuliza kama akina baba wa Kiingereza waliona haya, bango haliwezi kukujibu. Aliyelitoa alitaka waone haya, basi. Ukiuliza serikali ilihofia nini, na ilidhani moyo wa mwanamume unashikika wapi, hapo huna shahidi wa karibu kuliko huyu.

Hata kilichofichwa kinasema. Mchoro unatupeleka miaka ya mbele, vita vimekwisha, nyumba imesimama salama. Hakuna mjane, hakuna kiti kitupu, hakuna mguu uliokatwa. Baba huyu anaulizwa kana kwamba kila aliyekwenda alirudi kusimulia.

Kama lilifanikiwa ni jambo la kutafutwa kwingine: katika takwimu za walioandikishwa, barua na shajara za wakati ule. Lakini tarehe moja inasaidia. Januari 1916 Bunge lilipitisha sheria ya kuwalazimisha wanaume wasio na wake kuingia jeshini, na mwezi Mei waliooa nao wakajumuishwa. Serikali iliyokuwa ikipata askari wa kutosha kwa mabango isingehitaji sheria hiyo.