Tangazo la Desemba lisiloacha maswali

Kuanzia wiki ya Krismasi hadi siku chache baada ya Mwaka Mpya, pwani ya mashariki ya Unguja hujaa. Familia huvuka kutoka Dar es Salaam, wengine huteremka kutoka Nairobi, na wageni wa Ulaya hukimbia baridi ya kwao. Hoteli kubwa yenye vyumba mia ikipoteza mgeni mmoja haitikisiki. Gesti ya vyumba sita, kama zile za Jambiani au Paje, ikipoteza chumba kimoja usiku wa tarehe 31, sehemu ya sita ya mapato ya usiku ule imekwenda. Ndiyo maana nyumba ndogo huweka masharti makali msimu huu. Ugomvi huzuka mgeni anapoyasikia baada ya kutuma pesa.

Tuchukue mfano wa gesti ya aina hiyo, na tangazo lake liseme hivi:

*Kuanzia usiku wa tarehe 20 Desemba hadi usiku wa tarehe 4 Januari, chumba cha watu wawili ni shilingi 180,000 kwa usiku. Siku nyingine ni 120,000. Bei ni ya chumba, si ya mtu, na ndani yake mna kodi na chai ya asubuhi. Anayegusa msimu huu alale angalau siku nne. Malipo ya awali ni asilimia 30. Yaliyobaki hulipwa siku ya kufika. Ukighairi siku 30 au zaidi kabla ya kufika, unarudishiwa malipo yote ya awali. Kati ya siku 29 na 14, unarudishiwa nusu. Chini ya siku 14, hurudishiwi. Vyombo vya baharini vikizuiwa kusafiri, tunakuhamishia tarehe bila gharama.*

Tangazo hili ni fupi, lakini kila sentensi inaziba mwanya. Neno "usiku wa tarehe" lipo kwa sababu msimu huhesabiwa kwa usiku unaolalwa. Mume na mke wakifika tarehe 18 Desemba na kuondoka tarehe 23, wanalala siku tano. Usiku wa 18 na wa 19 ni wa bei ya kawaida, jumla 240,000. Usiku wa 20, 21 na 22 ni wa bei ya msimu, jumla 540,000. Wanadaiwa 780,000, na hakuna wa kuwaambia kwamba safari yote inahesabiwa kwa bei ya juu.

Sharti la siku nne ndilo linalowaudhi wageni wengi, kwa kuwa halielezwi. Mtu anayetaka usiku wa tarehe 31 peke yake anakiziba chumba katikati ya wiki. Anayetaka kukaa tarehe 29 hadi 2 hawezi tena kukipata, na siku za kabla na baada ya mkesha zinabaki vipande visivyouzika. Mwenye nyumba anapokea 180,000 badala ya 720,000. Lakini mapengo yakishajitokeza, tuseme siku mbili zimebaki kati ya wageni wawili, sharti halina kazi tena. Mgeni aliyechelewa kutafuta na aulize kuhusu mapengo hayo. Mara nyingi atapewa.

Sasa tuseme wale mume na mke wanaghairi. Malipo yao ya awali yalikuwa 234,000. Siku 30 kabla ya kufika kwao ni tarehe 18 Novemba, na siku 14 kabla ni tarehe 4 Desemba. Wakitoa taarifa tarehe 1 Desemba, wanarudishiwa 117,000. Wakingoja hadi tarehe 6, hawapati kitu. Ngazi hizi zinafuata uwezekano wa kukiuza chumba upya: mwezi mmoja kabla, wateja bado wanatafuta, wiki moja kabla, wengi wameshapata pa kulala.

Hapo ndipo mwenye gesti makini huongeza hatua moja. Anapopokea malipo, hamwachii mgeni kuhesabu siku. Anamwandikia tarehe zenyewe: "Hadi tarehe 18 Novemba unarudishiwa zote, hadi tarehe 4 Desemba, nusu." Anataja pia nani anabeba makato ya kurudisha pesa kwa simu, na kwamba kughairi ni kwa ujumbe wa maandishi, ili siku ya taarifa isibishaniwe.

Mgeni naye, kabla ya kutuma chochote, aombe vitu vitatu kwa maandishi: jumla ya pesa kwa siku zote, tarehe ya mwisho ya kila ngazi ya kughairi, na iwapo kuna chakula cha lazima usiku wa mkesha, maana baadhi ya nyumba hukitoza pembeni. Nyumba isiyotaka kuandika hayo mapema, mgeni asiitumie pesa.