Ingizo la 21

Saa 1:09 asubuhi ya tarehe 19 Julai 2024, kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma faili dogo la masasisho kwa wateja wake. Kompyuta za Windows zilizolipokea zilizima na kuonyesha skrini ya bluu. Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Faili liliondolewa baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi zilizokwisha kuanguka ilibidi mafundi wazifuate moja moja.

Programu hiyo hulinganisha taarifa za yanayotendeka ndani ya kompyuta na masharti yaliyoandikwa kwenye faili. Katika aina moja ya ulinzi, iliyotolewa Februari mwaka huo, maelezo yalitaja maingizo 21, ilhali msimbo ulikuwa ukipeleka 20 tu. Ilipotakiwa kutazama la 21, programu ilisoma kumbukumbu isiyo yake. Na kwa kuwa inafanya kazi ndani kabisa ya mfumo endeshi, Windows nzima ikaanguka.

Wachunguzi wengi huishia hapo: hesabu ilipishana, irekebishwe. Kwangu mimi swali lenye faida kubwa zaidi ni jingine: kasoro hii iliwapitaje wapimaji kwa miezi yote hiyo?

Majaribio yalikuwapo. Ila data zake zilichaguliwa kwa mkono, na kila mara ingizo la 21 liliwekewa sharti la kukubali chochote kile. Anayekubali chochote hana haja ya kutazama kilicholetwa, kwa hiyo programu haikuwahi kuigusa nafasi ile isiyokuwapo. Masasisho ya Machi na Aprili nayo yalikuwa vivyo hivyo, yakafanya kazi vizuri na kuwapa watu imani. Faili la Julai ndilo la kwanza kudai thamani mahususi pale. Kikaguzi cha mafaili nacho kiliamini kuwa maingizo ni 21, kikaliruhusu lipite.

Ndiyo maana ripoti inayohesabu mistari ya msimbo iliyopitiwa na majaribio haitoshi. Mstari unaweza kupitiwa mara elfu kwa data ya aina ile ile.

Ripoti ya uchunguzi ya kampuni, iliyotoka Agosti, ilieleza kwamba hesabu ya maingizo sasa inakaguliwa mapema, na kwamba masasisho yatatolewa kwa awamu. Lililonivutia zaidi ni kwamba majaribio mapya ya thamani mahususi hayakuwekwa kwa ingizo la 21 peke yake. Yaliwekwa kwa kila ingizo, katika aina zote za ulinzi zilizokuwapo.

Jaribio la namna hiyo huthibitishwa kwa kuliendesha kwanza dhidi ya msimbo wa zamani wenye kasoro. Likifaulu hapo, bado halijagusa kilichoharibika, na liandikwe upya kabla marekebisho hayajatolewa.