Mbolea Iliyolipiwa Mara Moja Tu

Kila mwaka, mvua ndefu zinapokaribia nyanda za Uasin Gishu, wakulima wa mahindi huelekea Eldoret kutafuta mbegu na mbolea, na siku hizi wako wengi wasiofunga safari ya mjini kabla ya kuagiza bidhaa kwa simu na kuilipia kwa M-Pesa, huduma iliyoanza nchini Kenya mwezi wa Machi 2007. Natuchukue mkulima mmoja wa kubuni, aliye shambani kwake upande wa Moiben, anayeagiza mifuko minne ya mbolea kutoka duka la pembejeo lililoko Uganda Road, kwa jumla ya shilingi 13,000. Amebonyeza kitufe cha kulipa, ombi limeondoka, na kabla jibu halijarejea mtandao umekatika.

Hapo pana mambo matatu yanayoweza kuwa yamejiri. Yamkini ombi lilipotea njiani lisifike dukani kamwe; yamkini lilifika na seva ikaanza kulishughulikia, kisha ikazimika katikati ya kazi; au yote yalitimia, oda ikaandikwa na pesa zikaombwa, ila jibu ndilo lililopotea. Mashaka yote yatokana na jambo moja, nalo ni kwamba mwenye simu hana njia ya kupambanua hali hizo tatu, kwa maana kwake zote ni kimya kimoja. Akiacha kurudia ombi, huenda akakosa mbolea. Na akilirudia, huenda akalipishwa shilingi 26,000 na kuletewa mifuko minane. Kwa hiyo seva haina budi kujengwa hata apigaye hodi mara tatu ahesabiwe kuwa mgeni mmoja.

Hila inayotumika ni nyepesi kuieleza. Programu ya simu hutunga ufunguo, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu usiofanana na mwingine wowote, na kuuambatisha kwenye ombi. Ufunguo huo hutungwa mara moja tu, pale mteja anapoithibitisha oda, wala si kila ombi linapotumwa. Ukitungwa upya katika kila marudio, seva itaona maombi mawili tofauti na ulinzi wote utabatilika. Seva nayo, kabla ya kugusa pesa, huuandika ufunguo katika hifadhidata yenye sharti kwamba ufunguo mmoja wa mteja mmoja hauwezi kuandikwa mara mbili:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX malipo_ufunguo
  ON malipo (mteja_id, ufunguo);

INSERT INTO malipo (mteja_id, ufunguo, kiasi, hali)
VALUES (417, 'a91c', 13000, 'INATUMWA')
ON CONFLICT DO NOTHING;
```

Amri hiyo ikiongeza safu moja, ombi ni jipya na kazi iendelee. Isipoongeza kitu, ombi limekwisha kuja, basi seva isome safu ya zamani na kujibu kwa namba ileile ya oda. Ufunguo uleule ukija na kiasi kingine cha pesa, ombi likataliwe waziwazi.

Sasa twaja kwenye kupima, na hapa ndipo waandishi wengi wa programu hujidanganya. Aghalabu jaribio lao hutuma ombi mara mbili, moja likiisha ndipo la pili lifuate, kisha hulinganisha majibu na kuridhika kwamba yanafanana. Walakini majibu mawili yanayofanana si dalili ya malipo mamoja, kwa kuwa seva yaweza kumlipisha mteja mara mbili na bado ikatoa jibu lilelile. Kinachostahili kuhesabiwa ni athari: safu ngapi zimo katika jedwali la oda, na maombi mangapi ya pesa yamefika kwenye lango la malipo. Ndiyo sababu mpimaji huweka lango la bandia mahali pa lile la kweli, lango lisilofanya lolote ila kupokea, kuhesabu, na kunyamaza linapoamriwa kunyamaza. Mazingira ya majaribio ambayo Safaricom huyatoa kupitia Daraja yafaa kwa kujifunza umbo la maombi, lakini mpimaji hawezi kuyaamuru yameze jibu katika nukta anayoitaka yeye.

Jaribio la kwanza, basi, ni lile la jibu lililopotea: seva hutimiza kazi yote, jibu hukatwa lisimfikie mteja, ombi hurudiwa kwa ufunguo uleule, kisha huhesabiwa oda moja na ombi moja la pesa. La pili ni la maombi yanayofika pamoja. Iko programu ambayo kwanza huuliza kama ufunguo upo, na ikiambiwa haupo ndipo huuandika; programu hiyo hufaulu kila jaribio la mfuatano, ilhali maombi mawili yakiuliza kwa wakati mmoja yote huambiwa haupo, na yote huendelea. Ili kulifichua kosa hilo, mpimaji huyazuia maombi ishirini mbele ya kizuizi kimoja, akayafungulia kwa mpigo, na kulirudia jaribio hilo mara nyingi, maana kosa la namna hii hujificha na kujitokeza litakavyo.

La tatu ndilo gumu kuliko yote, na latokana na tabia ya M-Pesa yenyewe. Seva ya duka inapotaka kulipwa, hutuma ombi linalofungua dirisha la namba ya siri kwenye simu ya mkulima, na Daraja hujibu papo hapo kwa utambulisho uitwao `CheckoutRequestID`. Matokeo ya malipo hufuata baadaye, yakipelekwa kwenye anwani ambayo duka liliitaja. Seva ikizimika baada ya kutuma ombi na kabla ya kuuhifadhi utambulisho huo, itaamka ikiwa na safu yenye hali ya `INATUMWA`, isijue kama dirisha lilifunguka, wala isiwe na utambulisho wa kuulizia. Kutuma ombi jingine hapo ni hatari, kwa kuwa mkulima aonapo dirisha la pili hudhani la kwanza lilishindikana, akaandika namba yake ya siri tena. Dawa yake ni kuutia ufunguo ndani ya anwani ya majibu, mathalan `/malipo/a91c`, ili matokeo yajapo yajitambulishe yenyewe, na kuiandika namba ya oda katika `AccountReference`, ili malipo yapate kutambulikana hata yakija bila taarifa. Jaribio lake huizima seva katika nukta hiyo hasa, likaiwasha, likarudia ombi, na kudai kwamba hakuna ombi la pili lililotoka kabla hali ya lile la kwanza haijabainika.

Hata matokeo yenyewe yaweza kufika mara mbili, na kwa hiyo namba ya risiti, `MpesaReceiptNumber`, nayo yastahili sharti la upekee katika hifadhidata. Katika matokeo hayo, msimbo 0 ni malipo yaliyotimia. 1032 ni mteja aliyeghairi. 1037 ni simu isiyojibu kwa wakati. Huu wa mwisho usichukuliwe haraka kuwa idhini ya kutuma upya, bali kwanza hali ya muamala iulizwe.

Baada ya yote hayo, majaribio yenyewe nayo yapimwe: liondoe lile sharti la `malipo_ufunguo`, uyaendeshe tena. Yakipita yote bila kulalamika, hayakuwa yakilinda kitu, na duka hilo lisifunguliwe kwa wakulima msimu huu.